Mrejesho: jumla ya VAT kuzidi shilingi moja

Niliuliza: "Mistari mitatu ya VAT inasoma 333, mbona SUM inaleta 1,000 badala ya 999?"

Jamani imekaa sawa. Bei ni 1,852, asilimia 18 yake ni 333.36, Excel inaficha desimali tu kwenye kioo lakini ndani inajumlisha 1,000.08, ukibonyeza Increase Decimal unaziona zote. Nikaweka hii safu ya pembeni nikaivuta chini:

```
=ROUND(B2*18%,0)
```

SUM ikaleta 999. Kisha nikakopi nikapesti Values juu ya safu ya zamani, desimali zikafutika kabisa. Ile Set precision as displayed aliyoitaja mkuu mmoja nimeiacha, inakata namba za faili zima na hazirudi.