Ati ngozi yangu "haijazoea vitu vizuri"! Wale wa kopo la kijani watanikoma

BintiMlandege:
Jamani leo msinisalimie, sina salamu ya kurudisha. Wale wa krimu ya kopo la kijani, mnawajua, wale wenye picha ya mwari anacheka kama kaokota dhahabu Darajani, wamejibu barua yangu. Siku tisa nangoja. Ya tisa wananambia: "Mpendwa mteja, huenda ngozi yako haijazoea vitu vizuri."

Haijazoea vitu vizuri! Ngozi hii imepakwa liwa na kusingwa singo la karafuu tangu haijaota chunusi ya kwanza, leo mtu kakaa kwenye kiyoyozi ananambia haijazoea!

Krimu nilinunua Jumapili, harusi ya mdogo wangu Ijumaa. Nikapaka uso na shingo, asubuhi na usiku. Jumapili salama, Jumatatu salama. Jumanne usiku shingo inawasha, nikasema mbu. Jumatano alfajiri naamka kope zimevimba, uso boflo lililotiwa hamira mara mbili, nyuma ya masikio vipele vina maji. Mwanangu wa miaka minne kanitazama, kalia, kenda kumwita bibi yake aje amtoe yule mtu chumbani. Harusini nimekaa na mtandio mpaka puani.

Daktari kanipa dawa, kanambia krimu niache ila kopo nisilitupe. Nikaandika kwa adabu zangu zote:

"Nimepata vipele usoni na shingoni siku ya tatu tangu nianze kutumia krimu yenu. Kwenye kopo mmeandika viungo, lakini mmoja ni 'parfum' tu. Naomba kujua viungo vyote, na kama toleo hili lina malalamiko mengine. Mdogo wangu anatumia krimu hiyo hiyo, kopo jengine, hajapata kitu. Namba ya toleo nimeinakili chini ya ile mistari mistari, inaanzia 620."

Wakajibu vitu vizuri. Hata "pole" hamna. Vitu vizuri!

UrojoSaaKumi:
Weka picha tuone boflo 😂 chai ishachemka huku.

BabaMkunazini:
Krimu hiyo bei gani na inapatikana duka lipi? Wife anatafuta.

BintiMlandege:
@BabaMkunazini umesoma au umeona neno krimu ukarukia?

AsiliTupu:
Zebaki hiyo! Krimu zote za dukani ni zebaki. Rudini kwenye liwa na karafuu, kitu cha asili hakina aleji.

MkaguziMstaafu:
Bibie pole. Mimi nimefanya kazi kiwanda cha mafuta ya ngozi, kitengo cha ubora, barua kama hizo zikija mezani kwangu. Jibu ulilopewa ni la kipuuzi. Ila na wewe barua yako ina shimo, usinichukie.

Namba ya 620 si ya toleo. Ile inataja bidhaa, kopo zote za krimu hiyo zina namba hiyo hiyo, hata la mdogo wako. Namba ya toleo hupigwa kwa wino chini ya kopo, au kwenye ukingo wa tyubu uliobanwa, mara nyingi karibu na tarehe ya kwisha. Ni fupi, herufi na tarakimu zimechanganyika, haina mistari. Bila hiyo kiwanda hakiwezi kutoa ile sampuli waliyobakisha ya siku hiyo na kuipima kama imeharibika au kama mtu kakosea kipimo.

UrojoSaaKumi:
Kawatumia namba ya kaunta 😂😂 Bibie umeomba uchunguzi wa kopo zote nchini.

BintiMlandege:
Sawa nimekosea namba. Ndo niambiwe SIJAZOEA VITU VIZURI?

MkaguziMstaafu:
Hapana, walipaswa kukuuliza hiyo namba, na kabla yake kukwambia pole. Sasa sikiliza, maswali yako ni mawili na umeyachanganya. Toleo likiwa bovu, wataumia watu wengi waliopaka kopo za toleo lile. Ikiwa ni mzio wako, toleo linaweza kuwa zima kabisa na wewe peke yako ukavimba. Kwa hiyo mdogo wako kutopata kitu hakuthibitishi lolote mpaka ujue kopo lake ni toleo gani.

Na siku zinasema jambo. Kitu kinachounguza ngozi mara nyingi huchoma mapema, dakika au saa chache. Mzio wa kupaka huja taratibu, siku ya pili au ya tatu, na huwasha kuliko kuuma. Wako unaelekea huko. Ila mwili hauchukii kitu siku ya kwanza kukutana nacho, lazima kwanza ukijue. Yaani kilichokuwasha pengine ulishawahi kukipaka kwa jina jengine.

AsiliTupu:
Kama zebaki nilivyosema.

MkaguziMstaafu:
Zebaki ipo kweli kwenye baadhi ya krimu za kung'arisha na imepigwa marufuku, hilo uko sawa. Lakini bibie hajasema krimu ya kung'arisha. Na hiyo asili yako, harufu ya karafuu ni Eugenol, na hiyo hiyo hutiwa kwenye manukato ya krimu. Ulaya lazima iandikwe kwa jina lake ikizidi kiwango kidogo, ndiyo moja ya zinazojulikana kuleta mzio.

Kwa hiyo usiwaulize "viungo vyote", watakunakilia kopo. Uliza: ndani ya "parfum" mna Eugenol? Kihifadhi ni kipi, ni METHYLISOTHIAZOLINONE? Hicho Ulaya walikitoa kwenye krimu za kubaki mwilini mwaka 2017 kwa sababu ya vipele hivi hivi. Na uwaandikie ulipaka wapi, mara ngapi, na nini chengine ulipaka wiki ile.

BintiMlandege:
Wiki ile nilijisinga. Singo la karafuu.

UrojoSaaKumi:
HAHAHA kesi imefungwa, mshtakiwa ni bibi yake mwenyewe.

MkaguziMstaafu:
Haijafungwa. Inaweza kuwa singo, krimu, au vyote viwili. Hilo linajulikana kwa kubandikwa vipimo mgongoni siku mbili na daktari wa ngozi. Usijijaribie uso. Nakala ya barua peleka ZFDA, wale wakala wa chakula na dawa Zanzibar.

BintiMlandege:
Nimetazama chini ya kopo. Namba imefutika kwa mafuta ya mikono yangu, imebaki B na 4.

MkaguziMstaafu:
Tazama kwenye kasha, mfuniko wa juu, ndani ya kile kikunjo.

BintiMlandege:
Kasha mwanangu kalifanya gari. Lina magurudumu ya vifuniko vya soda. Kikunjo kakikata ndo dirisha la dereva.

MwanaWete:
Kumbe vidole vyangu kuchonyota wakati wa kuchambua karafuu ni hiyo Eugenol? Miye nikidhani makonyo yananchoma. Lakini hilo si kubwa, kubwa ni mvua. Juzi tumeanika kwenye majamvi, wingu likaja, nimeita vijana wanne waje kukusanya, kaja mmoja na kaja kuomba vocha.

ShamsaWaBoti:
Bora wewe mvua. Mie juzi nimekata tiketi ya boti ya kiti, nimefika kimekaliwa na gunia la mbatata, mwenye gunia anasema limekata tiketi.

MwanaWete:
Lilikuwa na tiketi kweli?

ShamsaWaBoti:
Lilikuwa nayo! Ya dirishani!

BintiMlandege:
Jamani uzi wangu.

BabaMkunazini:
Bado sijajibiwa bei.