Mtengeneza mabango ametuharibia Zohali ya klabu ya sayansi, halafu anasema "wanafunzi hawatajua"

Mlezi_wa_Klabu

Wakuu, nina hasira na sitaificha. Nafundisha fizikia hapa Mtwara na ndiye mlezi wa klabu ya sayansi shuleni kwetu. Wanafunzi walichanga hela zao tupate bango la ukutani la A2: Zohali na pete zake, nyuma yake nebula, yaani wingu la gesi na vumbi la angani, yenye rangi, na ukubwa wa vitu uwe wa kuaminika. Hilo la mwisho nilimsisitizia jamaa wa steshenari moja mjini hadi akaitikia. Akapokea hela yote kabla ya kazi.

Alichotuletea ni aibu. Pete inapita mbele ya sayari kushoto, na kulia inaingia ndani ya tufe kama kisu kwenye papai. Juu ya pete kuna mwezi unaokaribia kulingana na Zohali. Sayari imemulikwa kutoka kushoto, mwezi umemulikwa kutoka kulia. Kivuli hakuna popote. Kwenye upande wa giza wa sayari kuna nyota zinang'aa, yaani nyota ziko mbele ya sayari! Na juu, kwa herufi kubwa: KLABU YA SAYNASI.

Nilipomrudishia akaniambia, "Mwalimu, hiyo ni picha ya urembo tu, wanafunzi hawatajua." Binti wa kidato cha pili alisimama mbele ya bango lile akauliza, kama mwezi ni mkubwa hivyo, kwa nini hiyo nyingine ndiyo iitwe sayari? Hajui huyo?

Nilimlazimisha anionyeshe alichoiandikia akili mnemba. Hiki hapa:

```
sayari yenye pete, nebula nzuri sana, rangi kali, mwezi mkubwa, ya kuvutia, 8K
```

Basi. Na mwezi mkubwa aliuomba mwenyewe! Sasa anataka hela nyingine ili arudie. Nauliza: ni haki? Na prompti ya maana ingeandikwaje?

Korosho_Newala

Pole mwalimu. Mimi nilichapisha bango la ghala, mvua ya kwanza tu wino ukachuruzika wote. Hawa watu wanatumia wino hafifu. Huko A2 wanachaji shilingi ngapi siku hizi?

Mlezi_wa_Klabu

Kaka, wino uko safi kabisa. Kilichochapwa ndicho kibaya.

Baharia_wa_Mikindani

Mwalimu, na wewe uliomba uongo. Zohali haiko kwenye nebula yoyote, na zile rangi watu wa NASA wanapaka kwenye kompyuta. Ungeomba nyuma pawe peusi, kwisha habari.

Fundi_Darubini (Lindi)

Baharia, la kwanza umepatia, la pili hapana. Haidrojeni iliyochangamshwa na nyota changa inatoa mwanga mwekundu kweli, oksijeni inatoa wa kijani-bluu, na vumbi linalotawanya mwanga wa nyota huonekana bluu. Macho yetu hayazioni rangi hizo vizuri kwa sababu mwanga ni hafifu mno. Kamera iliyoachwa wazi muda mrefu inaziona. Kinachopangwa na watu ni kama ile picha ya darubini ya anga ya Hubble ya 1995 ya nguzo za Nebula ya Tai: salfa ilipewa nyekundu, haidrojeni kijani, oksijeni bluu. Mwalimu achague mtindo mmoja, na bango liseme ni upi.

Ukubwa sasa. Mwalimu, chukua rula, laza A2 yako, sentimita 1 iwe kilomita 10,000. Zohali inakuwa sentimita 12. Pete zake kuu, ncha hadi ncha, sentimita 27. Yaani mara mbili na robo ya tufe. Lile pengo jeusi la Cassini kati ya pete ni karibu nusu sentimita. Dunia yetu sote hapa ni sentimita 1.3. Titan, mwezi mkubwa kuliko yote ya Zohali, ni nusu sentimita, na uko sentimita 122 kutoka katikati ya sayari. Bango lenyewe lina upana wa 59! Titan utaingia kwenye picha kama tu tunautazama ukiwa umepita mbele au nyuma, na hata hapo ni nukta.

Halafu nebula. Kwa kipimo hichohicho, mwaka mmoja tu wa nuru ni kilomita 9,500 hivi za karatasi, na Nebula ya Orion iko miaka 1,300 ya nuru. Kwa hiyo ikae nyuma kabisa, hafifu, na isizipake pete rangi yake. Zohali inamulikwa na Jua peke yake.

Ukitaka kuikamata picha mbovu haraka, tafuta vivuli. Mwanga ukitoka kushoto, kivuli cha tufe lazima kiziangukie pete kwa nyuma upande wa kulia, na pete nazo zichore utepe wa kivuli juu ya tufe. Vikikosekana, kataa.

Dada_Mchoro

Mimi ndiyo kazi yangu, na huyo jamaa ametuchafulia jina. Ila mwalimu, usije ukaiandikia mashine "kilomita 120,000". Haipimi. Inajua sura tu, kwa hiyo namba za Fundi zigeuze ziwe kitu kinachoonekana. Na usiandike "usiweke mwezi mkubwa": mara nyingi ukitaja mwezi, mwezi unakuja. Kama programu ina kisanduku cha visivyotakiwa, weka humo. Kama haina, nyamaza kabisa kuhusu mwezi. Mimi ningeanza hivi:

```
Sayari moja ya manjano hafifu, imebonyea kidogo juu na chini.
Pete bapa, nyembamba sana, upana wake mara mbili na robo ya sayari,
zina mstari mweusi ndani, hazigusi tufe.
Mwanga mmoja kutoka kushoto. Kivuli cha sayari kiko juu ya pete, kulia nyuma.
Nukta moja ndogo ya chungwa, mbali na pete.
Nyuma kabisa nebula hafifu, nyekundu na bluu.
Theluthi ya juu nyeusi, tupu.
```

Hiyo "mara mbili na robo" itaitii nusunusu, kwa hiyo pima kwa rula kwenye skrini na ukatae zisizofaa. Theluthi ya juu umeiacha tupu kwa ajili ya jina la klabu, ambalo unaliandika baadaye kwa programu ya kawaida. Mashine usiiachie herufi, ndiyo hiyo SAYNASI. Na muulize picha ilikuwa na pikseli ngapi. Ya 1,024 kwa 1,024 ukiitandaza kwenye upande mfupi wa A2, sentimita 42, unabaki na pikseli 62 kwa inchi, ukisogea karibu ni ukungu mtupu.

Fundi_Darubini (Lindi)

Safi dada. Ongeza moja: nyota ziondolewe. Zohali inang'aa, kamera ikiipata vizuri nyota hafifu hazitokei, sembuse nebula.

Mlezi_wa_Klabu

Fundi, shukrani kwa yote, ila hapo sikubali. Kwa hoja hiyo nebula nayo inaondoka, na watoto ndiyo waliyoichangia. Nitaandika chini kwamba nyuma ni picha nyingine, iliyopigwa kwa muda mrefu zaidi.

Baharia_wa_Mikindani

Sasa hapo si unarudi kwenye urembo uleule, mwalimu?

Dada_Mchoro

Hapana, ikiandikwa wazi si uongo. Ila nyota ziwe chache, na hata moja isikae mbele ya sayari.

Fundi_Darubini (Lindi)

Mimi bado naziondoa.

Mlezi_wa_Klabu

Tutabishana. Kesho baada ya vipindi naenda pale dukani na rula, bango na hii prompti. Arudie bila kuongezwa senti, ama arudishe hela za wanafunzi. Naenda na yule binti wa kidato cha pili, amwambie jamaa mwenyewe alichokiona.