Mrejesho: mtoto asiyeona jioni, Kigoma

Niliuliza: "Mwanangu wa miaka 4 anaona vizuri mchana, lakini magharibi anapapasa ukuta. Anakula ugali wa muhogo na chai tu. Tatizo nini?"

Ni upungufu wa vitamini A. Daktari alimkuta na kidoa kama povu kwenye weupe wa jicho. Alinieleza kwamba seli za retina zinazoona kwenye mwanga hafifu hutumia vitamini hiyo kutengeneza rodopsini, kemikali inayonasa mwanga.

Mwanangu alipewa uniti 200,000 za vitamini A papo hapo, nyingine kesho yake, ya tatu baada ya wiki mbili. Namshukuru Mungu, upesi tu akaanza kuokota kijiko chake jioni! Kidoa bado kipo. Mboga namuungia mawese, ila siyachomi yakapauka, maana karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, iko kwenye ule wekundu.