Mrejesho: mambo matatu ya siku ya uchovu

Niliuliza: "Nikitoka zamu ya usiku hapa Bukavu nimechoka kabisa. Nifanye nini, niache nini?"

Asanteni sana, ndugu, kwa kunishauri nichague mambo matatu tu. Nimebaki na matatu: dawa ya presha ya mama, bidoni moja ya maji, chakula cha watoto. Wiki ya kwanza niliongeza kufua juu ya hayo, nikakwama. Nguo zinangoja hadi kesho, dawa haingoji. Sasa nachagua jioni kabla ya zamu, akili ikiwa bado nyepesi, na kila jambo nimeliwekea kipimo kidogo: bugali na sombe ya jana iliyopashwa moto vinatosha. Jumanne saa nne asubuhi nilikuwa nimemaliza, nikalala hadi saa tisa. Siku za uchovu zikifuatana tatu, namwita mdogo wangu anisaidie kufua.