Tumezima swichi, pesa za wateja 23 zimening'inia. Hii ndiyo "kuzima haraka" mliyotuahidi?

Deva_wa_Zamu: Wakuu, nina hasira na sitaficha. Kampuni tuliyoipa kazi ya kutujengea ukurasa mpya wa kulipia ilituapia kwamba kila kitu kiko nyuma ya swichi moja: tufungulie asilimia 5 ya wateja, kukiharibika tuzime, yote yarudi kama zamani.

Ijumaa saa 2 usiku tukafungua. Saa 2:40 tukaona mwenye kuponi anatozwa nauli ya kupelekewa mzigo mara mbili. Bosi akazima, na ndani ya dakika moja seva zote 4 zilikuwa zimerudi kwenye ukurasa wa zamani. Tukapongezana.

Saa 3 simu zikaanza. "Nimeweka PIN, pesa imekatwa, oda siioni." Wateja 23! Mama mmoja alikuwa amelipia maziwa ya mtoto.

Nimesoma logi mpaka alfajiri. Hawa walitumiwa ombi la PIN kabla hatujazima, wakaiweka baada ya kuzima. Majibu ya malipo yalipofika, msimbo wa kampuni ile ukaiuliza swichi kwanza: imewaka au imezimwa? Imezimwa. Basi ukaenda kutafuta oda kwenye jedwali la zamani, wakati oda iko kwenye jedwali jipya. Haikupatikana, majibu yakatupwa. Hawakuyahifadhi hata mstari mmoja! Nikawauliza, wananijibu "swichi ilifanya kazi yake". Kazi gani hiyo?

Kijana_wa_Msimbo: Pole mkuu. Dawa ni rahisi, mngengoja dakika 10 kabla ya kuzima ili walioanza wamalize.

Deva_wa_Zamu: Dakika 10 watu wanaendelea kutozwa nauli mara mbili? Na ukingoja, wapya nao wanaingia. Dakika ya 10 utakuwa na wengine walioshika simu mkononi.

Fundi_Seva: Kijana ana hoja nusu: walioanza lazima wamalize. Ila hilo halipatikani kwa kungoja. Swichi iulizwe mara moja tu, mteja anapoingia kulipia, na jibu liandikwe kwenye muamala wake. Kuanzia hapo hakuna kuiuliza tena. Ombi la PIN linapotumwa unapewa `CheckoutRequestID`, na majibu yanarudi nayo hiyohiyo. Kwa hiyo:

```
m = miamala.tafuta(CheckoutRequestID)
if m.njia == "mpya":
    kamilisha_mpya(m)
else:
    kamilisha_zamani(m)
```

Kuzima swichi kunafunga mlango wa kuingilia tu. Anayepokea majibu ya pesa abaki laivu mpaka muamala wa mwisho wa njia mpya ufungwe. Na kitu cha kwanza anachofanya ni kuyahifadhi majibu yalivyokuja, kabla ya kutafuta oda yoyote. Mngefanya hilo tu, usiku ule mngeyasoma upya mkamaliza.

Swali: hiyo asilimia 5 waliichaguaje?

Deva_wa_Zamu: Nimeangalia sasa hivi. `rand() < 0.05`, kila ukurasa unapofunguliwa.

Fundi_Seva: Lo! Basi mteja mmoja anaweza kuona kikapu kipya, akibofya kulipa anatupwa ukurasa wa zamani. Wachaguliwe kwa namba ya mteja: ipitishe kwenye hashi, gawa kwa 100, baki ikiwa chini ya 5 yumo. Leo yumo, kesho yumo. Mkipanda hadi 20, wale wa kwanza wanabaki humo.

Mama_Vitenge: Jamani na mimi nilikatwa mara mbili nilipolipia umeme mwezi uliopita. Nani anarudisha?

Fundi_Seva: Dada, hilo ni la mtandao wako wa simu. Wapigie ukiwa na namba ya muamala iliyoko kwenye meseji.

Deva_wa_Zamu: Na walioathirika nawapataje wote? Hao 23 ni waliopiga simu tu.

Fundi_Seva: Usitegemee simu. Toa oda zote za jedwali jipya zilizobaki "inasubiri" tangu saa 2, uliza hali ya kila moja kwa `CheckoutRequestID` yake, kisha linganisha na taarifa ya malipo. Yenye `ResultCode` 0 imelipwa, ifunge kwa mkono. Usimwambie mteja alipe tena kabla hujamaliza.

Deva_wa_Zamu: Nimetoa. Ziko 31, zilizolipwa ni 26. Watatu hawajapiga simu kabisa.

Kijana_wa_Msimbo: Na aliyejaza anwani kwenye ukurasa mpya lakini hajabofya kulipa? Naye amalizie huko wakati nauli inazidi?

Fundi_Seva: Huyo mimi ningemrudisha wa zamani, ajaze upya.

Deva_wa_Zamu: Akijaza upya anaondoka, mkuu. Tunao wengi wa hivyo. Jumatatu nakaa na kampuni ile, na sizimi wala siwashi chochote mpaka waniambie huyu anaenda wapi.