Ada ya taka ipande hadi 3,000, au gari lipite kwanza?

Mjumbe wa kamati: Kata yetu hapa Mbeya ina kaya 2,400. Tunalipa 2,000 kwa mwezi na gari linapita likijisikia. Sasa mzabuni anataka 3,000, na kamati inaelekea kukubali. Ni sawa? Mwenye hesabu aiweke mezani.

Mpangaji: Mimi sikubali hata mia. Mwezi uliopita gari lilipita vizuri hadi tarehe 20, baada ya hapo kimya. Mkusanyaji wa ada, yeye hakukosa hata siku moja.

Mzee wa Uyole: Mnaozungumzia gari ni nyie wa mjini. Mimi nina shimo nyuma ya nyumba, na maganda ya viazi na ndizi wanamaliza nguruwe. Nilipie nini?

Mama wa genge: Mzee, shikamoo. Nguruwe wanakula na pampasi za wajukuu? Chupa je? Shimo likijaa mvua ya Machi hizo pampasi zinaelea mpaka kwa jirani. Kilio changu mimi ni kingine: nalipa ya kaya nyumbani, halafu gengeni nalipa 10,000 kama baa kubwa, na taka zangu ni ndoo mbili za maganda.

Mhasibu wa vikundi: Tuanze na taka zenyewe, maana bajeti nyingi za kata huanza na ada na hapo ndipo zinapopotea. Kaya ya watu wanne au watano hutoa kama kilo 2 kwa siku. Kaya 2,400 ni karibu tani 5 kwa siku, tani 33 kwa wiki. Gari mnalotumia ni tipa la tani 7, lakini msidanganyike na hiyo 7. Taka hazijashindiliwa, bodi hujaa kabla uzito haujafika. Mita moja ya ujazo ina kilo 350 hivi, na bodi likifurika linachukua mita 8. Kwa hiyo safari moja ni tani 3 kasoro. Mnahitaji safari 12 kwa wiki, yaani mbili kila siku isipokuwa Jumapili. Kwa mwezi ni 52.

Kila safari tuiwekee lita 15 za dizeli: nane za kwenda dampo na kurudi, zilizobaki ni za kutembea na kusimama mitaani injini ikiwa inaunguruma. Kwa 3,000 lita, mafuta ni 2,340,000 kwa mwezi. Dereva na wapakiaji wanne pamoja na michango yao, 1,350,000. Matairi, springi, sevisi na akiba ya gari, 900,000. Ada ya dampo ya 10,000 kila safari, pamoja na glavu na buti, 640,000. Jumla 5,230,000. Bei zenu zikiwa tofauti badilisheni, ila umbo la hesabu litabaki hilohilo.

Sasa mapato. Kaya zote zikilipa 2,000 ni 4,800,000. Hazilipi zote. Nikichukua nusu na kidogo, asilimia 55, inakuwa 2,640,000. Biashara 150 kwa 10,000, wakilipa saba katika kila kumi, ni 1,050,000. Toa asilimia 10 ya wakusanyaji, mkononi mnabaki na 3,321,000. Pengo ni milioni 1.9.

Pengo hilo halionekani kwenye kitabu cha mzabuni kwa sababu hakopi ili kuliziba. Mishahara ana deni nayo, springi ikikatika haimsubiri. Kitu pekee anachoweza kukata bila mtu kumshitaki ni safari. Ndiyo maana gari linapotea baada ya tarehe 20.

Mpangaji: Kumbe! Basi 3,000 inaziba?

Mhasibu wa vikundi: Haizibi. Asilimia ileile 55 ikilipa 3,000, mnaongeza karibu milioni 1.2 baada ya kumtoa mkusanyaji. Bado mnapungukiwa 700,000. Na walipaji wakishuka hadi asilimia 45 kwa hasira ya kupandishiwa, nyongeza inabaki nusu milioni. Upande wa pili, mkibaki na 2,000 na walipaji wakafika asilimia 80, mnaongeza milioni 1 na kidogo. Karibu sawa na kupandisha ada, ila bila ugomvi. Njia zote mbili, peke yake hakuna inayotosha.

Kijana wa Forest: Jibu liko wazi. Tangu 2021 kodi ya jengo tunakatwa kwenye LUKU. Taka nazo ziwekwe humo, kila mtu atalipa, wakusanyaji wapumzike.

Mhasibu wa vikundi: Nusu uko sahihi, mdogo wangu. Kukusanya kungekuwa rahisi. Lakini kata haina mamlaka ya kuweka tozo kwenye LUKU. Ada inatoka kwenye sheria ndogo za halmashauri. Halafu mita moja inaweza kuwa na wapangaji sita, na jengo lenye mita tano lina jalala moja. Kuna jambo jingine: hela ikishakatwa yenyewe, mzabuni anaogopa nini asipopita?

Dereva mstaafu: Nimeendesha gari la taka miaka mingi, niwaambie pesa inapomwagikia. Haimwagikii njiani kwenda dampo. Inamwagikia pale gari linaposimama dakika kumi kila kona, kila mama atoke na ndoo yake, kijana aishike, aimwage, airudishe. Mitaa ya mlimani chini ya Loleza ndiyo balaa. Masika gari halipandi, tunapiga honi huku chini, nusu ya watu hawasikii. Tunaondoka na bodi nusu, na dampo tunalipa safari nzima. Bajaji ya mizigo ikishusha taka kutoka mlimani hadi kwenye ghuba, gari linapakia mara moja na linajaa.

Mama wa genge: Ghuba tulikuwa nalo. Likakaa siku nne bila kuzolewa, mbwa wakatawanya, moshi kila usiku. Nani anataka hilo mlangoni kwake?

Dereva mstaafu: Hapo sina ubishi, dada. Ghuba bila ratiba ni dampo la pili.

Mjumbe wa kamati: Kamati iombe nini kabla ya kusaini?

Mhasibu wa vikundi: Tiketi za getini dampo na kitabu cha mafuta, vya miezi mitatu, mviweke pamoja. Tiketi zikiwa 30 na mafuta ya safari 52, dizeli inauzwa mahali. Zote zikiwa 30, mzabuni kweli hana hela. Tiketi zikiwa 52 na mitaa bado michafu, bodi linakwenda nusu. Kila jibu lina dawa yake, na ada inapanda katika hilo la pili tu. Na mama wa genge apangiwe daraja lake. Kumtoza kama baa ndiko kunakofanya magenge mengine yajifiche.

Kijana wa Forest: Mlipeni kwa safari basi. Asipokwenda, hapati.

Dereva mstaafu: Ukimlipa kwa safari atakupelekea bodi nusu mara mbili, nimeona. Ukimlipa kwa mwezi anaruka safari. Labda dampo lenye mizani alipwe kwa tani.

Mzee wa Uyole: Kwa tani atamwagia maji.

Dereva mstaafu: Au mchanga, mzee. Nao nimeuona.