Naomba ushauri: nimeweka klorini tangini mara tatu, kipimo bado sifuri

MfunguaKoki: Wakuu, tangi langu ni la lita 5000, nataka ppm 2. Dawa ni ya maji, asilimia 5. Niliweka mililita 200, nikakoroga, nikasubiri nusu saa. Kipimo cha vidonge vya DPD kikasoma sifuri. Nikarudia, na nikarudia tena. Bado sifuri. Niongeze kiasi gani?

BiSalama: Chemsha maji, mwanangu. Sisi tumelelewa na maji ya kuchemsha, dawa hatukuzijua.

Nahodha_K: Dawa imekufa hiyo. Yangu niliiacha dirishani miezi mingi, ikawa kama maji tu. Nunua mpya.

FundiTangi: Hesabu ya kwanza ni sahihi. Mililita moja ya asilimia 5 ina miligramu 50 za klorini. Lita 5000 kwa ppm 2 ni miligramu 10,000, ndiyo hizo mililita 200. Lakini je, tangi lilikuwa limejaa?

MfunguaKoki: Tangi limeandikwa 5000.

FundiTangi: Sijauliza lililoandikwa. Maji yalifika wapi?

MfunguaKoki: Chini kidogo ya robo, kama lita 1000. Nilipanga kulijaza kesho, nikaona bora dawa itangulie. Nyumbani nimeshawaambia maji yako tayari.

Mzee_Kata: Harufu je?

MfunguaKoki: Ukifungua mfuniko macho yanawasha.

Mzee_Kata: Macho yanawasha na kipimo sifuri? Uzi huu umetungwa, tusipotezeane muda.

MfunguaKoki: Sijatunga! Kidonge kikigusa maji rangi ya waridi inawaka, halafu inapotea mbele ya macho yangu.

FundiTangi: Basi ni kweli kabisa. Klorini ikizidi sana, inaifuta rangi ya DPD yenyewe, na wewe unasoma sifuri. Umeweka mililita 600, yaani miligramu 30,000 kwenye lita 1000. Hiyo ni kama ppm 30. Waambie wasinywe sasa hivi. Kisha chukua mililita 1 ya maji ya tangi, changanya na mililita 9 za maji safi yasiyo na klorini, pima, zidisha kwa 10.

MfunguaKoki: Imesoma 2.5. Kwa hiyo 25?

FundiTangi: Ndiyo, nyingine imeshaliwa na uchafu. Jaza tangi hadi juu bila kuongeza dawa, koroga, subiri nusu saa, upime tena. Kwa hesabu utakuwa karibu na ppm 5, ambayo ndiyo ukomo wa WHO kwa maji ya kunywa. Maji mapya nayo yatakula kidogo.

Nahodha_K: Mwage yote aanze upya. Au aache wazi, jua litaiondoa.

FundiTangi: Jua huiondoa kweli, lakini tangi wazi linaingiza vumbi na kinyesi cha ndege. Kumwaga sioni sababu.

Nahodha_K: Mimi ningemwaga.

MfunguaKoki: Nimefungulia mpira, maji yanaingia. Ila watoto walishakunywa kikombe kimoja kimoja asubuhi.

BiSalama: Hilo ndilo ungeanza nalo! Wanaendeleaje?